Rafiki yangu kafiwa na paka wake leo, anasema yeye ndiye kamuua. Nimwandikie nini?

Kalamu_Nyepesi
Habari za usiku wakuu. Naomba msaada wa kuandika ujumbe mmoja tu, na naomba tusiufanyie mzaha.

Rafiki yangu wa tangu shuleni kafiwa na paka wake leo alasiri. Anaitwa Pamba, jike mweupe mwenye doa la kijivu sikioni, miaka 14. Alimwokota macho yakiwa bado hayajafunguka vizuri, akamnywesha kwa bomba la sindano mpaka akasimama. Sasa figo zimekwisha. Siku tatu hakula, akawa anatapika, mdomo unatoa harufu kali. Daktari wa mifugo akampima damu, akamtundikia dripu siku mbili, vipimo vya pili vikatoka vibaya kuliko vya kwanza. Leo wakakubaliana achomwe sindano ya mwisho.

Alinipigia simu kama saa moja iliyopita. Hakuwa analia. Alirudia sentensi moja: "Nimemuua Pamba." Kisha akanitajia mambo matatu. La kwanza, miezi miwili nyuma aliona Pamba anakunywa maji kuliko kawaida, akadhani ni joto, hakumpeleka popote. La pili, pale mezani kwa daktari Pamba alikuwa akikoroma, ule mkoromo wake wa raha, kwa hiyo alikuwa bado anataka kuishi. La tatu, alipokufa macho hayakufumba, na daktari akiwa ameshasema amekwisha, akavuta pumzi moja kubwa. Anaamini walimfunika angali hai.

Mimi nikabaki pole, pole. Akaniomba nisimpigie tena leo, akakata. Nimeandika hivi, sijatuma:

"Pole sana rafiki yangu kwa kuondokewa na Pamba. Najua unavyojisikia. Alikuwa ameshazeeka na sasa amepumzika. Usijilaumu, hakuna ulichoweza kufanya. Muda utaponya. Ukihitaji chochote niambie."

Nikiusoma naona unaweza kutumwa kwa mtu yeyote, kwa msiba wowote. Mnauonaje?

Jiwe_la_Mtoni
Mkuu tuma hivyo hivyo. Aliyefiwa hahesabu maneno, anaangalia nani kamkumbuka na nani kanyamaza. Ukikaa kupanga sentensi mpaka kesho utakuwa umemwacha peke yake usiku wa kwanza, na usiku wa kwanza ndio mbaya.

BintiMwezi
Jiwe yuko sawa kuhusu kutochelewa, ila huo ujumbe mimi nisingeutuma. Niliwahi kufiwa na paka, na nilipokea karibu kila sentensi uliyoandika hapo, kwa hiyo nakuambia ilivyokuwa upande wa pili wa simu.

"Najua unavyojisikia" ilinifanya nifunge simu, kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijui ninavyojisikia. "Alikuwa ameshazeeka" niliisoma kama mtu ananipimia kilo za huzuni ninazoruhusiwa. "Usijilaumu" ni amri, na mtu anayejilaumu akiamriwa aache huwa anaendelea kimyakimya, maana sasa hana wa kumwambia. Na "ukihitaji chochote niambie" ilinipa kazi: nifikirie ninachohitaji, nitafute ujasiri wa kukiomba, halafu nimpigie mtu. Sikumpigia hata mmoja.

Ujumbe nilioubakiza mpaka leo uliandikwa na jirani ambaye hata hatukuwa karibu. Aliniambia kwamba kila alipokuwa akirudi kazini alimkuta paka wangu dirishani, na kwamba leo ameangalia lile dirisha akakumbuka. Basi. Hakunifariji hata kidogo, na ndio pekee uliofanya nilie vizuri.

Kwa hiyo mtaje Pamba, na usimtaje kwa jina tu. Lete kitu ulichokiona wewe kwa macho yako.

Mfuga_Paka
Pole kwake. Mimi nina watoto wanne wa paka hapa, wiki saba, wawili ni weupe kabisa. Natoa bure. Mpelekee mmoja kesho asubuhi, nyumba isiwe kimya. Kuna siku nilimpelekea mtu hivyo hivyo, akafurahi sana.

Kalamu_Nyepesi
Asante ndugu, naona umesukumwa na roho nzuri. Ila sijauliza namna ya kumpatia paka mwingine, nauliza namna ya kumwandikia. Na nadhani nikimfikishia paka mweupe kesho, ataona namwambia kwamba Pamba anabadilishika. Anaye paka wa pili pia, dume jeusi anaitwa Mkaa, kwa hiyo nyumba haiko tupu. Siku akitaka mwenyewe nitakutafuta.

BintiMwezi, nimekuelewa. Nina kumbukumbu moja ya Pamba na mkoba wangu, nitaiweka. Lakini hayo mambo matatu nayafanyaje? Niyapite kama sikuyasikia?

Kipanga88
Usiyapite. Mwambie ukweli kwamba ile sindano inasimamisha moyo papo hapo, paka hapati hata muda wa kuhisi. Na macho mwambie yalibaki wazi kwa sababu Pamba alikuwa anamtazama yeye mpaka mwisho, alitaka kumwona. Hiyo itamfariji sana.

MwanaMifugo
Samahani Kipanga, nia yako ni njema, lakini hapo kwenye macho ningekuzuia. Mimi ni daktari wa mifugo, na sindano hiyo nimeichoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Macho hubaki wazi karibu kwa kila paka, awe ametazama ukuta au ametazama watu. Kufumba kope na kuziacha zimefumba ni kazi ya misuli, na mwili ukishalegea kazi hiyo haina wa kuifanya. Hata paka aliyekufa usingizini nyumbani mara nyingi anakutwa macho wazi. Ukimwambia huyu dada kwamba Pamba alikuwa anamtazama, kwa mtu anayeamini kwamba amemuua unampa mtazamo wa kumshtaki maisha yake yote. Atauona kila akilala. Mwambie lililo kweli, ni jepesi zaidi.

Kuhusu dawa, Kipanga umepata nusu. Hatusimamishi moyo kwanza. Dawa inayotumika kwa kawaida ni pentobabitali, ya ukoo wa dawa za usingizi wa upasuaji, ila kwa kipimo kikubwa. Inaanza na ubongo: paka anapoteza fahamu, kwa kawaida ndani ya sekunde chache ikipita kwenye mshipa. Baada ya hapo pumzi inakatika, na moyo ndio unaomaliza safari. Wengi wetu tunatanguliza sindano nyingine ya kumtuliza, kwa hiyo hata kabla ya ile yenyewe anakuwa ameshasinzia.

Na ile pumzi kubwa. Hiyo ndiyo inayowatesa watu kuliko yote, na kosa ni letu madaktari tusipowaonya mapema. Fahamu ikiwa imeshaondoka na moyo umeshasimama, sehemu ya chini kabisa ya ubongo inaweza kurusha mshtuko mmoja au miwili ya misuli ya kifua. Kwa anayetazama inaonekana paka anatafuta hewa. Mwili mwingine unatikisika mguu, mwingine unatoa mkojo. Daktari aliyesikiliza kifua kwa kifaa na hakusikia moyo hakumfunika paka hai. Laiti angemwambia huyu dada, "unaweza kuona anavuta pumzi, usiogope," hili la tatu lisingekuwepo kabisa.

Kipanga88
Nimekupata daktari. La macho nililisikia kwa watu tu, sikuwahi kulifikiria upande huo.

Kalamu_Nyepesi
Daktari asante sana, nimesoma mara mbili. Na la maji je? Nikimwandikia "hakuna ulichoweza kufanya" ni uongo?

MwanaMifugo
Ni uongo kidogo, na yeye atajua. Leo usiku atakuwa anatafuta habari za figo za paka kwenye simu, kama kila mtu anavyofanya, na atakutana na dalili ya kwanza: kunywa maji mengi na kukojoa mengi. Akiona wewe umemwambia hakuna kilichowezekana, hatakuamini hata kwenye mengine yaliyo kweli.

Hali yenyewe iko hivi. Figo zina akiba kubwa sana. Paka anaweza kupoteza kama theluthi mbili ya uwezo wake kabla hazijashindwa kukaza mkojo, na ni hapo ndipo maji yanaanza kumtoka na yeye anaanza kunywa kufidia. Kipimo cha kawaida cha damu, kreatinini, kinapanda wakati karibu robo tatu imeshakwenda. Kwa hiyo siku ile alipomwona Pamba kwenye bakuli la maji, hakuwa anaona mwanzo wa ugonjwa, alikuwa anaona sehemu ya mwisho. Kilichoharibika hakirudi, si kwa dawa wala kwa dripu. Angempeleka wakati ule, tungebadilisha chakula, tungepunguza fosforasi, tungeongeza maji mwilini. Wapo paka wanaokwenda miezi mingi hivyo, hata miaka, na wapo wanaoporomoka vilevile. Pamba angekuwa upande gani, siwezi kusema, na anayesema anaweza anakudanganya.

Kingine, paka ni bingwa wa kuficha. Anapungua uzito taratibu chini ya manyoya mengi, na anayemwona kila siku ndiye wa mwisho kuona. Mgeni anayekuja baada ya miezi mitatu ndiye anayepitisha mkono mgongoni akashtuka mifupa.

BintiMwezi
Daktari nakuheshimu, na kila ulichosema kimenifundisha. Lakini nauliza kwa dhati: hii ni rambirambi au ni ripoti? Mtu anaangalia kikapu kitupu, wewe unamwambia theluthi mbili na robo tatu. Mimi ningefunga simu kwa hilo pia.

Jiwe_la_Mtoni
Hapo namuunga mkono Binti. Usiku wa kwanza mtu hana kichwa cha kupokea maelezo. Mwandikie umeumia naye, ukweli wa figo uje wiki ijayo mkiwa mmekaa.

MwanaMifugo
Nisingeandika tarakimu hata moja, hapo tunakubaliana. Lakini la macho na la pumzi haliwezi kungoja wiki. Ameshaona kitu akakielewa vibaya, na kila saa inayopita anakiona upya kwa maana ileile mbaya. Nimewahi kupigiwa simu na mtu miaka miwili baada ya sindano, akiniuliza kama mbwa wake alikuwa hai alipomzika. Miaka miwili alilibeba, jibu lilichukua dakika moja.

Babu_Kobe
Naomba kusema kidogo. Nimekuwa na paka maisha yangu yote na nimewazika kumi na kitu. Mtu akisema "nimemuua," usimpinge na usimkubalie. Onyesha kwanza kwamba umelisikia neno lenyewe. Watu hukimbilia kulifuta kwa sababu wao ndio linawaumiza masikio. Ukishaonyesha umelisikia, ndipo unaweza kumwambia la macho, naye atalipokea.

Kalamu_Nyepesi
Shikamoo babu, asante. Nimejaribu upya:

"Pole dada. Nimeshindwa kulala nikimfikiria Pamba. Nimemuuliza daktari mmoja, kasema macho ya paka hayafumbi hata akifa usingizini na ile pumzi ni misuli tu. Kuhusu maji, figo zilikuwa zimeshaharibika hata kabla hujaona, kwa hiyo angekufa tu. Na kukoroma kule ni kwa sababu ya maumivu, paka hukoroma wakiumwa. Umefanya jambo sahihi. Nakupenda."

Babu_Kobe
Marahaba. Mwanangu, mkoromo uondoe.

MwanaMifugo
Babu kanitangulia. Ni kweli paka hukoroma pia wakiwa na maumivu, wakiwa na hofu, hata wakizaa. Lakini huyu dada alikuwa amemwekea mkono mgongoni na akausikia ule mkoromo kwenye kiganja. Ukimwambia yalikuwa maumivu unamnyang'anya kitu cha mwisho alichopewa, na huna hata hakika nacho. Na "angekufa tu" ibadilishe. Sote tutakufa tu. Mwachie nafasi ya kujutia ile miezi miwili kwa ukubwa wake halisi, ambao ni mdogo kuliko anavyoubeba.

BintiMwezi
Na mkoba uko wapi? Ulisema una kumbukumbu ya mkoba. "Nimeshindwa kulala nikimfikiria" inakuhusu wewe, mkoba ndio unaomhusu Pamba. Halafu mpe kitu kimoja utakachofanya, na saa yake.

Kalamu_Nyepesi
Nimetuma huu. Saa 5 usiku, sikutaka ipite siku.

"Dada, usijibu, soma tu ukiweza.

Leo nimemkumbuka Pamba wa siku ile nilipolala kwako kabla ya usaili. Niliamka nikamkuta ndani ya mkoba wangu, kajikunja juu ya shati jeupe pekee nililokuwa nalo, na wewe ukanikataza nisimtoe mpaka aamke mwenyewe. Tulikaa sakafuni tukimngoja. Nimeshasahau maswali ya usaili ule, ila nakumbuka alivyofungua jicho moja, akatuona, akalifunga tena.

Umeniambia umemuua. Nimelisikia, na sitakuambia unyamaze. Ila kuna mawili uliyoyaona leo ambayo nimemuuliza mtu anayeifanya kazi hiyo. Macho ya paka hubaki wazi akifa, hata akifia usingizini, kwa sababu kufumba kunahitaji nguvu. Na ile pumzi ni kifua kilichoshtuka chenyewe wakati yeye ameshaondoka. Dawa ile humlaza paka kwanza, mengine yanafuata akiwa hajui. Hamkumfunika akiwa hai.

La maji ni kweli uliliona. Ulipoliona, sehemu kubwa ya figo ilikuwa imeshakwenda na hakuna dawa ya kuirudisha. Pengine mngepata muda zaidi, pengine usingekuwa mwingi. Ninachokijua ni kwamba aliyemnywesha kwa sindano akiwa hajaona dunia ndiye aliyemshika leo.

Kesho saa 12 jioni nitakuja. Nitabisha mara moja. Usipofungua, nitaketi nje kidogo kisha nitaondoka, sitahesabu kitu."

Jiwe_la_Mtoni
Mrefu. Lakini kama ningeupata mimi ningeusoma mpaka chini.

BintiMwezi
Lile jicho moja. Hapo ndipo nimelia.

Mfuga_Paka
Nimesoma yote. Yule niliyempelekea paka zamani, nikikumbuka vizuri, alisema asante lakini hakumchukua mkononi. Alimwita jina baada ya wiki tatu. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka leo.

Kalamu_Nyepesi
Mrejesho, wakuu. Jana hakujibu. Leo jioni nilibisha, akafungua. Kikapu cha Pamba kiko palepale na hakuna aliyekigusa. Hatukuzungumza karibu nusu saa. Mkaa alikuwa anazunguka chumba hadi chumba akilia kwa sauti nisiyowahi kuisikia kwake, ananusa kikapu, anarudi.

Alisema ujumbe ameusoma mara nyingi usiku, hasa pale kwenye pumzi. Akasema, "kwa hiyo hakuwa hai," akanyamaza. La miezi miwili bado analo, hakusema limekwisha na mimi sikulazimisha. Kisha akaniuliza jambo moja ambalo sikuliandika: "Na kule kukoroma?"

Nilimwambia nitauliza. Daktari, nimjibu nini? Na huyu Mkaa tangu jana mchana kagusa chakula mara moja tu.

MwanaMifugo
Naanza na Mkaa kwa sababu huyo ana saa. Paka aliyebaki kulia, kutafuta na kula kidogo kwa siku kadhaa ni jambo tunaloliona sana, na kwa kawaida linapita. Lakini paka asiyekula kabisa siku nzima asiachwe kwa kusema "ana huzuni." Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila chakula mafuta hujaa kwenye ini, na hapo anaumwa kweli. Chakula kipashwe joto kidogo kitoe harufu, bakuli lisogezwe mbali na kikapu cha Pamba. Kesho mchana ikiwa hajala, apelekwe. Na mwachie dada yako kazi hiyo, usimfanyie. Inampa mikono yake kitu cha kufanya.

Kuhusu mkoromo, mwambie ninachokijua kwa kazi. Paka wengi hukoroma juu ya meza yangu, wazima na wagonjwa, wengine kwa sauti mpaka nashindwa kuusikia moyo. Mara nyingine nafungua bomba la maji hapo pembeni ili asikilize maji anyamaze, nipime. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ananijibu swali la kuishi au kutoishi. Kwa hiyo Pamba hakuwa anamwomba asifanye. Alikuwa anakoroma kwa sababu gani hasa, hilo sina kipimo chake.

Kalamu_Nyepesi
Nimempigia nikamsomea ulivyoandika, neno kwa neno, hata hilo la bomba. Alicheka kidogo kwenye bomba. Kisha akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Akasema, "Basi alikuwa anakoroma kwa sababu nilikuwa nimemshika."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimwambia namsikia.

Babu_Kobe
Vyema.

BintiMwezi
Na Mkaa?

Kalamu_Nyepesi
Kapashiwa chakula saa 2 usiku. Kala nusu bakuli, kisha akaenda kulala ndani ya kikapu cha Pamba. Dada kaniuliza kama amtoe. Nimemwambia amngoje aamke mwenyewe.